Vipotoshi vya Sambaza

Kila mwaka, upande wa Rwanda, uvuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu husimamishwa kwa miezi kama miwili ili samaki wazaliane. Kwa hiyo mwalimu wa uchumi hapa Rusizi halazimiki kutafuta mfano mbali. Swali analo mlangoni: uvuvi ukisimamishwa, na mengine yote yakibaki vilevile, nini kitatokea katika soko la sambaza wabichi la Kamembe?

Jibu sahihi ni rahisi kuliandika: bei itapanda kwa sababu ugavi umepungua, na watu watanunua kiasi kidogo. Ufundi uko kwenye majibu yasiyo sahihi, yaani vipotoshi. Ukiandika tu kwamba bei itashuka, hakuna atakayelichagua, na kipotoshi kisichochaguliwa hakimwambii mwalimu lolote. Fundi hasa huuliza kwanza swali hilo bila majibu ya kuchagua, kisha husoma karatasi taratibu, maana wanafunzi hukosea kwa kufikiri.

Mmoja ataandika kwamba bei itapanda kwa sababu mahitaji yameongezeka. Bei ameipata, sababu imempita: ameona watu wakigombea ndoo chache akadhani hamu yao imekua. Mwingine atasema bei itapanda, mahitaji yatashuka, na hivyo bei itarudi ilipokuwa. Hili ndilo kosa ninaloliheshimu kuliko yote, kwa kuwa hoja nzima imenyooka isipokuwa mahali pamoja. Bei inapopanda, wanunuzi husogea juu ya mkondo uleule wa mahitaji na kununua kidogo. Mkondo wenyewe hauhami, kwa hiyo hakuna kinachoirudisha bei chini. Wa tatu atashikilia kwamba bei haitabadilika kwa kuwa nyavu na mitumbwi vina gharama ileile. Huyo anaamini bei huzaliwa na gharama peke yake.

Hayo matatu, kwa maneno yao wenyewe yaliyosafishwa kidogo, ndiyo vipotoshi. Yakatwe yalingane urefu na jibu sahihi, kwani mwanafunzi mjanja huchagua refu kuliko yote bila kusoma. Na neno "wabichi" lisiondolewe: bila hilo, mwerevu atawakumbuka dagaa wakavu kutoka Tanganyika, atahesabu kwamba wanaziba pengo, na atachagua jibu lisilo sahihi kwa sababu nzuri.

Baada ya mtihani, linganisha kundi la juu na kundi la chini. Kipotoshi kizuri huwavuta zaidi wa chini. Kikiwavuta wa juu, rudi kwenye swali lako, huenda lina maana mbili. Lakini kama darasa limejaa waliosema bei itarudi ilipokuwa, usirudie somo zima. Chora mikondo miwili ubaoni, uhamishe ule wa ugavi tu, uwaulize kipi kingeirudisha bei chini wakati ziwa bado limefungwa.