Barua Inayopimika

Barua ya fundi umeme anayeomba kazi Maskati hupita mikononi mwa karani wa ajira, lakini anayeamua ni msimamizi wa mafundi. Huyu amekaa miaka mingi mbele ya masanduku ya saketi, na neno “mchapakazi” halimwambii lolote. Anatafuta sentensi ambayo, akimweka mwandishi wake mbele ya ubao wa majaribio, ataweza kuipima kama anavyopima waya. Ndiyo maana naipenda aina hii ya uandishi: ikiandikwa vizuri, ufundi wenyewe huonekana ndani yake bila kusifiwa.

Tuseme mwombaji ni kijana wa Themi, Arusha. Amesoma VETA, kisha amefanya kazi kwenye viwanda vya Themi na mashine za kusaga za Unga Limited. Kikwazo chake cha kwanza kimo kwenye cheti. Katika mitihani ya zamani ya ufundi, mtu alianzia gredi ya tatu, akapanda hadi ya pili, na gredi ya kwanza ndiyo ilikuwa kilele. Mfumo wa sasa umegeuza ngazi: mwanafunzi huanzia ya kwanza na kumalizia ya tatu. Basi wakala aliyezoea vyeti vya wajomba zetu akiona “tatu” atadhani ameletewa mwanagenzi, na barua itawekwa pembeni bila mtu kuuliza. Sentensi moja inatosha kuzuia hasara hiyo: “Nina cheti cha ngazi ya tatu, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika mafunzo ya ufundi stadi Tanzania.” Ya pili iitaje leseni ya EWURA na daraja lake, pamoja na kazi ambazo daraja hilo linaruhusu. Msomaji wa Maskati hana sababu ya kuyajua madaraja yetu. Akielezwa kazi zilizoruhusiwa, anajua papo hapo ampeleke wapi.

Baada ya vyeti huja aya ya uzoefu, na hapo ndipo barua nyingi hufa. “Nina uzoefu mkubwa wa mota” inaweza kuandikwa na yeyote. Fundi wetu ana kisa bora zaidi. Mashine moja ya kusaga ilikuwa inaunguza mota ya kilowati 15. Ilisukwa upya, ikaungua tena. Kila aliyekuja alipima volti kwenye vituo vya mota, akakuta fezi zote tatu zipo, akasema umeme ni mzima na kosa ni la aliyesuka.

Yeye aliiacha mota izunguke, unga ukiwa unasagwa, akabana kila waya kwa kipima ampia cha koleo. Mota ya ukubwa huo, kwa volti 400, huvuta karibu ampia 29 ikibeba mzigo wake kamili. Fezi mbili zilikuwa zinakaribia ampia 50, na ya tatu ilikuwa sifuri. Kisa kilikuwa ndani ya kontakta. Mguso mmoja ulikuwa umelika na haukupitisha mkondo tena, na mota ikawa inazunguka kwa fezi mbili. Ikiwa imeshaanza kuzunguka, mota ya namna hiyo haisimami. Huvuta mkondo zaidi kwenye fezi zilizobaki, ikinguruma na kupata joto. Na kwa kuwa inazunguka, yenyewe huzalisha volti kwenye ule waya uliokatika. Ndiyo maana kipima volti kiliwadanganya waliotangulia.

Lakini kwa nini kinga haikukata? Kwa sababu kuna mtu alichoka kuwasha mashine kila mara, akaizungusha rilei ya mzigo hadi ampia 60. Fundi akabadilisha kontakta, akairudisha rilei kwenye ampia zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, kisha akafunga rilei ya kulinda fezi, ambayo huzima mashine fezi moja ikipotea.

Kisa chote hicho, kwenye barua, kinataka mistari minne tu: dalili, kipimo, chanzo, tiba. Msimamizi akiisoma atajua mengi ambayo hayakuandikwa. Atajua kwamba huyu hupima mashine ikiwa kazini, kwamba hakimbilii kumlaumu mwenzake, na kwamba halegezi kinga ili kunyamazisha usumbufu. Tena anaweza kumuuliza swali moja tu, “Kwa nini volti zilionekana nzima?”, na jibu litaonyesha kama kisa ni chake au amekiazima.

Inabaki aya ya kuhama. Wengi huandika “niko tayari kwenda popote,” maneno ambayo mwajiri ameyasoma hadi hayaoni tena. Pasipoti, muda wa kutoa notisi na utayari wa kufanyiwa vipimo vya afya vitajwe kwa ufupi, na mkataba upitie njia halali. Utayari wenyewe unaonekana kwenye jambo lingine: fundi ameshafikiria nini kitabadilika mikononi mwake akifika?

Oman haitamshangaza kwa umeme wake, kwani masafa ni hezi 50 kama yetu na plagi ni zile zile za pini tatu za mraba. Kitakachobadilika ni joto. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Meru, na jedwali la uwezo wa nyaya, linalohesabiwa kwa hewa ya nyuzi 30, tunalitumia bila kupunguza chochote. Waya wa milimita 2.5 wenye ganda la PVC, uliobanwa ukutani, jedwali la Uingereza linaupa ampia 27. Ukikingwa na breka ya ampia 20, fundi analala usingizi. Sasa upitishe juu ya dari ya Maskati wakati wa kiangazi, mahali hewa inapofika nyuzi 50. Kwa ganda hilo kipunguzo ni 0.71, na 27 mara 0.71 ni ampia 19 na ushee. Breka ya 20 haiulindi tena. Waya unaweza kupita kiasi chake, ganda likazeeka na kukauka, na breka isiseme kitu. Hapo itabidi aende kwenye waya wa milimita 4.

Fundi akiandika, “Najua kwamba saketi ninazofunga Arusha kwa waya wa milimita 2.5 huenda zikahitaji milimita 4 kwenye dari zenu,” ameshahama nusu ya safari. Mwajiri hahitaji kuambiwa kwamba mwombaji ana ari.

Jambo la mwisho ndilo wengi huliogopa: kutaja asichokifanya. Kijana wetu hajawahi kugusa umeme wa kilovolti 11, na barua iseme hivyo, ikitaja na kikomo chake cha volti 400. Wapo watakaoona kwamba anajifungia mlango. Msimamizi wa mafundi ataona kinyume chake. Kazi hii huua watu waliokubali kufungua paneli wasiyoijua kwa kuona haya kusema hawaijui. Mtu aliyeandika mpaka wake kwenye karatasi, akiwa na njaa ya kazi, anaweza kuaminiwa kuutaja tena akiwa juu ya ngazi.