Jinsi ya kupima kaulimbiu iliyohamishiwa Kiswahili

Kaulimbiu ya biashara ni sentensi fupi yenye kazi moja: kumfanya anayeisikia ahisi au atende jambo fulani kuhusu bidhaa. Inapohamishwa kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, kinachotakiwa kufika ni kazi hiyo. Maneno yanaweza kufika yote na kazi ikabaki njiani. Nike wana kaulimbiu ya tangu mwaka 1988 ambayo kwa Kiingereza inamhimiza mtu aache visingizio na aanze. Ikigeuzwa neno kwa neno inakuwa "Fanya tu". Hakuna neno lililokosewa, lakini anayesema hivyo kwa Kiswahili ni mzazi aliyechoka kumkataza mtoto, kwa maana ya kwamba fanya unavyotaka, mimi simo. Himizo limegeuka kukata tamaa.

Kwa hiyo anayepima kazi ya namna hii huanza na swali moja: sentensi hii, kabla kampuni haijaichukua, ilikuwa ikisemwa na nani, na wakati gani? Kama haijawahi kusemwa na mtu yeyote, huenda ni tafsiri iliyovaa nguo za tangazo. Kama husemwa, lakini katika hali isiyofaa, hapo kuna kasoro kubwa zaidi, maana msikilizaji anaielewa vizuri na anaelewa kitu kingine.

Mahali pazuri pa kuuliza swali hilo ni Mwigobero, kata ya Manispaa ya Musoma yenye mwalo na soko, ambako kivuko cha MV Musoma huondokea kwenda Kinesi, upande wa Rorya. Hapo hukutana Wajita na Wakwaya wa ufukweni, Wajaluo wanaovuka kutoka Kinesi, Wakurya, Wazanaki wa Butiama na wachuuzi wa kutoka Bunda. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, na kwa wengi, hasa wazee, ni lugha ya pili. Redio nazo, kuanzia Victoria FM ya Musoma hadi Mazingira FM ya Bunda, hutangaza kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna mlango wa nyuma wa kupitishia ujumbe kwa Kijita au Kijaluo. Kaulimbiu iliyotoka ng'ambo imevuka mara mbili kabla ya kufika hapa: kwanza kuingia Kiswahili cha ofisi ya Dar es Salaam, kisha kuingia Kiswahili cha mwaloni.

Mfano unaofaa kufunguliwa kwa undani ni wa Vodacom. Mwaka 2009 kampuni mama, Vodafone, ilianza kutumia kaulimbiu ya Kiingereza yenye maneno matatu, ambayo kwa mpangilio wake ni nguvu, kwa, wewe. Vodacom ilipovaa rangi nyekundu mwaka 2011, kaulimbiu hiyo ilihitaji Kiswahili. Mtafsiri wa kamusi ana njia tatu mbele yake, na inafaa kuzijaribu moja moja pale sokoni.

Ya kwanza ni "Nguvu kwako". Sokoni neno "nguvu" lina wenyewe tayari. Muuza miti shamba mwenye kipaza sauti akitaja nguvu hana haja ya kumaliza sentensi, kila mtu anajua anazungumzia nguvu za kiume. Kuna jambo jingine la wakati ule. Mwaka 2010 jimbo la Musoma Mjini lilikuwa limechukuliwa na CHADEMA, chama ambacho wito wake ni nguvu ya umma. Bango la simu lenye neno "nguvu" lingesomwa kisiasa na nusu ya wapita njia, na nusu nyingine wangelipa maana ya dawa. Njia ya pili, "Uwezo kwako", inaonekana safi zaidi, ila katika mazungumzo ya kawaida mwenye uwezo ni mwenye fedha, na kaulimbiu inaanza kusikika kama ya mkopo. Ya tatu, "Mamlaka kwako", inaleta ofisi nzima ya serikali: mamlaka ni ya mapato, ya maji, ya bandari. Mteja hatamani kuletewa mamlaka nyumbani.

Vodacom Tanzania walitumia "Kazi ni kwako". Humo hamna nguvu, hamna uwezo, na limeingia neno ambalo Kiingereza hakikuwa nalo kabisa. Hata hivyo kazi ya sentensi imefika. "Kazi kwako" husemwa na mtu aliyekwisha kueleza kila kitu, ameweka vifaa mezani, na sasa uamuzi ni wa mwenzake. Ndicho hasa kilichokusudiwa: kampuni imetoa zana, mteja ndiye bwana. Aliyeiandika alitafuta mahali ambapo Waswahili tayari hukabidhiana uamuzi, akakuta sentensi imekaa inangoja.

Hii haimaanishi kwamba kaulimbiu hiyo haina doa. "Kazi kwako" husemwa pia kwa aliyeonywa asisikie, na huwa na kidole cha lawama ndani yake. Mtandao ukikatika wakati mchuuzi wa dagaa anasubiri malipo kwa simu, kaulimbiu hiyo inamrudia kama dhihaka. Mpimaji mzuri hufanya zoezi hili kwa makusudi: huitia kaulimbiu mdomoni mwa mteja aliyekasirika na kusikiliza. Karibu kila kaulimbiu hai inaweza kugeuzwa hivyo, na kugeuzwa peke yake si sababu ya kuitupa. Tofauti ni kama mzaha unaigusa kampuni kidogo, au unafichua ahadi ambayo haitekelezeki.

Ukaribu na maneno ya asili wenyewe si kosa. Vodafone walipobadilisha kaulimbiu mwaka 2017 kusema kwamba wakati ujao unasisimua, Tanzania ilikuja kupata "Yajayo yanafurahisha", ambayo inafuata Kiingereza kwa karibu sana. Inafanya kazi kwa sababu Kiswahili kina umbo hili la kutaja mambo bila kuyataja: yaliyopita, yaliyomo, yajayo. Kusisimua kuliachwa, na ilikuwa busara, maana msisimko kwa Kiswahili ni wa mwili kuliko wa matumaini. Watu waliichukua sentensi hiyo wakaipachika kwenye mambo yasiyohusu simu hata kidogo, mara nyingi kwa kejeli. Kaulimbiu inayoishi nje ya tangazo lake imefaulu mtihani ambao ofisi haiwezi kuutunga.

Benki mbili zinaonyesha kile ambacho Kiswahili hudai na kile ambacho hutoa bure. CRDB kwa Kiingereza walijiita benki inayosikiliza, basi. Kwa Kiswahili sentensi hiyo inaning'inia, kwani anayesikiliza lazima asikilize kitu au mtu. Wakaandika "Benki inayomsikiliza mteja". Kile kiambishi kidogo cha -m- na neno "mteja" havikuwemo katika Kiingereza, ila bila hivyo sentensi ingekuwa nusu. NMB walipata zaidi ya walichoomba. Kiingereza chao kilisema tu kwamba wako jirani na mteja, na Kiswahili kikawapa "Karibu yako", ambamo ujirani na ukaribisho vinakaa katika neno moja. Faida ya aina hii haipangwi, lakini mpimaji anapaswa kuitambua, kwa sababu mtu wa makao makuu asiyejua Kiswahili hataiona.

Jambo linalopuuzwa sana ni nani anayesemeshwa. Kiingereza kina neno moja kwa mtu mmoja na kwa umati, kwa mzee na kwa kijana, na kaulimbiu zake hufaidika na utata huo. Kiswahili kinalazimisha kuchagua kati ya "kwako" na "kwenu", kati ya "njoo" na "njooni". Umoja hupendelewa, na kwa kawaida ni sawa, kwa sababu kila msikilizaji hujiona peke yake. Lakini amri kavu ya umoja, ikitolewa na sauti ya kijana kwa kipaza sauti mbele ya wazee walioketi wakisubiri kivuko, hukwaruza. Dawa yake ni kuondoa amri kabisa. "Kazi ni kwako", "Karibu yako", "Yajayo yanafurahisha": hakuna hata moja iliyomwamuru mtu.

Kisha kuna sikio. Mwigobero tangazo husikika kupitia gari la matangazo, katikati ya injini za mitumbwi na upepo wa ziwa, na katika kelele hizo maneno marefu ndiyo ya kwanza kuumia. "Benki inayomsikiliza mteja" inapendeza ukutani, ila "inayomsikiliza" ina silabi nane na humezwa katikati. "Ulipo, tupo", ambayo benki hiyohiyo pia imeitumia, inapenya. Matamshi ya wenyeji nayo lazima yahesabiwe. Wasemaji wengi wa Kikurya huchanganya l na r, kwa hiyo kaulimbiu ya unga inayosema "Kula kwanza" inaweza kurudiwa mwaloni kama "Kura kwanza", na katika mwaka wa uchaguzi hilo si utani tena. Kanuni ya kazi ni kutokuacha maana yote ishikiliwe na herufi moja ambayo sehemu ya wasikilizaji haiitofautishi.

Namna ya kukagua ndipo kazi nyingi nzuri hufia. Makao makuu hupenda tafsiri ya kurudi: Kiswahili hupewa mtu wa pili akigeuze kuwa Kiingereza, kisha viwili vilinganishwe. Kwa maelekezo ya dawa njia hii inafaa. Kwa kaulimbiu inapotosha, kwani "Nguvu kwako" ingerudi ikiwa haina upungufu na kupasishwa, wakati "Kazi ni kwako" ingerudi kama habari ya ajira na kukataliwa. Mwandishi anayeijua kazi yake hupeleka mapendekezo mawili au matatu, na chini ya kila moja huandika mistari miwili: wa kwanza maana ya maneno yalivyo, wa pili nani husema hivyo na msikilizaji hubaki na hisia gani. Karatasi isiyo na mstari huo wa pili haiwezi kuhukumiwa na mtu asiyejua lugha, hata akiwa ndiye mwenye fedha.

Upande wa wasikilizaji, kuuliza kama wameipenda hakusaidii, kwa kuwa adabu itajibu ndiyo. Inafaa kuwasomea mara moja, kuzungumza mengine, kisha kuwaomba wamsimulie mwenzao tangazo lilisemaje. Wakirudia maneno yenyewe, yamekaa. Wakieleza kwa maneno yao, maneno hayo yaandikwe, kwani mara nyingi kaulimbiu bora imo humo.

Misimu ya vijana inahitaji uangalifu wa peke yake. Kampeni ya Ishi, ya kupambana na UKIMWI mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwaambia vijana "Usione soo, sema naye". Ilikuwa kazi safi: "soo" ilitaja aibu kwa neno la vijana wenyewe, na "naye" ilimfaa msichana na mvulana bila kubadilisha herufi. Lakini neno la msimu lina umri, na lina mipaka ya mji. Linafaa kampeni ya miaka michache yenye walengwa wanaojulikana. Kwa kaulimbiu itakayochorwa kwenye kuta za maduka hadi rangi ipauke, ni hatari.

Uhuru huu wote unakoma kwenye maandishi madogo ya chini. Bei, tarehe za mwisho, kipimo cha dawa na masharti ya mkopo havibuniwi upya, na huko tafsiri inayofuata asili neno kwa neno ndiyo wajibu. Tangazo lenye kaulimbiu tamu na masharti yaliyofupishwa ili yapendeze ni baya, hata kama kaulimbiu inaimbwa mwaloni kote. Wakala makini huzipa sehemu hizo mbili watu wawili tofauti, na mkaguzi huzisoma kwa nyakati mbili, kaulimbiu kwa sauti na masharti kwa kalamu.