Bohari tatu kwa miji minane

Mwaka 1971, Constantine Toregas na wenzake, akiwemo Charles ReVelle, walichapisha njia ya kupanga vituo vya huduma za dharura. Swali lao lilikuwa moja: vituo vichache kabisa ni vingapi, ili kila mahali pafikiwe ndani ya umbali uliowekwa?

Tulijaribu kwa miji minane ya Tanzania: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Iringa, Singida, Babati, Arusha na Moshi. Tuseme lori lisisafiri zaidi ya kilomita 270 kutoka bohari hadi mji wowote. Hatua ya kwanza ni kuuliza kila mji unaweza kuhudumiwa kutoka wapi. Bohari ikijengwa mahali, kigeu x ni 1. Isipojengwa, ni 0.

```
Dar:     x_Dar + x_Morogoro >= 1
Iringa:  x_Iringa + x_Dodoma >= 1
Singida: x_Singida + x_Dodoma + x_Babati >= 1
Moshi:   x_Moshi + x_Arusha + x_Babati >= 1
```

Masharti ya miji mingine minne yameachwa kwa sababu haya yanayatimiza. Bohari yoyote inayoifikia Dar, kwa mfano, inaifikia na Morogoro.

Sasa tazama Dar, Iringa na Moshi. Hakuna bohari moja inayoweza kuhudumia hata miwili kati ya hiyo, hivyo chini ya tatu haiwezekani. Morogoro, Dodoma na Arusha zinatosha, kwa hiyo jibu ni tatu. Lakini mpangilio huo si pekee: ipo minane ya bohari tatu, na modeli haibagui kati yake. Mimi ningeiweka Babati badala ya Arusha, kwa kuwa Singida ingepata bohari ya pili ya kuitegemea pale ya Dodoma inapoishiwa, ingawa Moshi ingebaki mbali, kama kilomita 250.

Kosa linaloumiza zaidi hutokea kabla ya hesabu, kwenye jedwali la umbali. Ukipima kwa mstari mnyoofu juu ya ramani, Morogoro hadi Iringa ni kama kilomita 240. Kompyuta itakupa bohari mbili, Morogoro na Babati, na hesabu yake itakuwa sahihi kabisa. Barabarani, safari hiyo inapita kilomita 300, na Iringa imebaki nje ya huduma. Ndiyo maana kila jibu hurudishwa kwenye barabara halisi, mji kwa mji, kabla ya kutafuta kiwanja.

Kikomo chenyewe nacho kipimwe. Dodoma iko takribani kilomita 260 kutoka Morogoro, na vivyo hivyo kutoka Iringa. Ukishusha kikomo hadi 250, viungo hivyo viwili vinakatika pamoja na kile cha Babati, Dodoma inabaki na yenyewe au Singida tu, na bohari zinakuwa nne. Kilomita 20 zimegharimu bohari nzima, kwa hiyo mpangaji aendeshe hesabu kwa vikomo kadhaa kabla hajaomba fedha.