Msahihishaji wa Maneno ya Kiooni

Msahihishaji wa kitabu ana neema moja ambayo mwenziwe wa programu za kompyuta na simu hakujaliwa nayo: prufu ikiwekwa mbele yake huiona imekamilika, kurasa zimepangwa, kichwa kiko juu ya habari yake, na akitilia shaka neno lililo katika mstari wa 10 hupandisha macho hadi mstari wa 9 akapata jawabu. Ama yule asahihishaye maneno ya programu, yaani majina ya vitufe, vichwa vya menyu, na zile taarifa fupi zinazojitokeza kiooni jambo linapokwenda mrama, yeye hupewa faili lenye sentensi elfu mbili au tatu zilizotengwa na jamaa zake, kila moja imesimama pweke kama abiria aliyeshushwa njiani usiku, haijulikani imetoka wapi wala itaingia nyumba ya nani. Katika faili la aina hiyo, ambalo wenyewe tunaliita faili la `.po`, kila kipande kina `msgid`, ndiyo asili, aghalabu ya Kiingereza, na `msgstr`, ndiyo tafsiri. Nimeishika kazi hii kwa miaka kadhaa, na sijaona ndani yake elimu iliyo kubwa kuliko hii ya kujua sentensi itakaa wapi kabla ya kuihukumu kuwa ni sahihi.

Nianze na makosa ya herufi, maana watu wengi hudhani ndiyo kazi yote. Herufi iliyopotoka ikaacha neno lisilo neno, kama "hifahdi" mahali pa "hifadhi", haina taabu. Programu ya kukagua tahajia huikamata mara moja. Taabu iko katika kosa linalozaa neno jingine lililo zima, na lugha yetu ina uzazi mwingi wa namna hiyo. "Funga" na "fungua" zinatengwa na herufi moja, na maana zake zinapeana kisogo. "Pakia" na "pakua" vivyo hivyo, nazo tumezitwaa bandarini, kwa makuli na shehena zao, tukazipa kazi ya kupeleka faili mtandaoni na kulishusha kutoka huko. Niliwahi kukuta, chini ya taarifa ya kuthibitisha anwani ya barua pepe, kitufe kilichoandikwa "Futa kiungo". Tahajia yake ilikuwa safi, sarufi yake safi, na mtu mwenye hadhari asingalikigusa hata siku moja, ilhali taarifa iliyo juu yake ilikuwa ikimwambia kwamba kiungo kile ndicho kitakachomfungulia akaunti. Asili ilisema `Follow link`. Mfasiri alikusudia "Fuata", na herufi moja ikamponyoka. Tangu siku ile husoma vitenzi vya vitufe peke yake, toka mwanzo wa faili hadi mwisho, kidole kimoja juu ya asili na kingine juu ya tafsiri, kabla sijagusa kitu kingine.

Istilahi zinazogombana nazo nitazipitia kwa ufupi, ingawa zimenila siku nyingi. Mtu anakuta kisanduku kimeandikwa "Nenosiri", anajaza, kisha taarifa ya kosa inamjibu kwamba nywila aliyoingiza si sahihi, na ukurasa wa msaada unamwelekeza kubadilisha neno lake la siri. Naye, kwa kuwa ni mtu mwenye akili timamu, anaanza kutafuta ni wapi alipopewa vitu vitatu. Kuwasaka hao watatu ni kazi ya amri moja:

```
grep -n -i -E "nywila|nenosiri|neno( l[a-z]+)? la siri" sw.po
```

Mimi napenda "nenosiri", kwa vile linajieleza lenyewe, lakini mapenzi yangu si hoja, na programu iliyokwisha kuwazoeza watu wake "nywila" na iendelee na "nywila". Lililo la haramu ni kuiachia mashine ibadilishe moja kwa jingine pasipo kusoma, kwa sababu "Nywila yako imebadilishwa" itageuka "Nenosiri yako imebadilishwa", na hapo umeondoa ila moja ukatia mbili. Ngeli haihamishwi kwa kubadilisha nomino pekee.

Na hii ngeli ndiyo iliyonifikisha kwenye kisa ninachotaka kukieleza kwa nafasi. Shangazi yangu, ambaye huziweka herufi za simu yake kubwa kadiri zinavyokubali kwa ajili ya macho, alinipa simu siku moja akaniuliza, "Mwanangu, hii 'zil' ni zilizopo, ama zilizo nini? Nisije nikafuta na za harusi." Kitufe kilisomeka "Futa picha zil…", basi. Nilikitambua, kwa kuwa faili la programu ile lilipita mikononi mwangu, na katika faili sentensi ilikuwa kamili wala haina doa: "Futa picha zilizochaguliwa". Asili, `Delete selected`, ina herufi 15 pamoja na nafasi yake, na kwa herufi kubwa za shangazi kitufe kilikuwa na upana wa kiasi hicho hicho. Tafsiri ilikuwa na 26. Programu haikuuliza mtu. Ilikata mkia, ikatia vile vidoto vitatu vya kukiri, ikaendelea na safari yake.

Sasa, urefu peke yake usingekuwa na madhara makubwa hivyo. Madhara yanatokana na mpangilio wa lugha. Mwingereza hulitanguliza neno la sifa, kwa hiyo asili yake ikikatwa, hata ikabaki `Delete selec…`, msomaji amekwisha kujua kwamba kuna mpaka. Sisi hutanguliza kitendo, tukafuatisha kitendwa, kisha ndipo tuseme ni kipi hasa, na mkasi ukipita hukata kile kile kilichokuwa kikiizuia amri isiwe ya jumla. "Futa picha" ikabaki nzima na ukali wake wote, mpaka wake ukaenda na mkia. Mfasiri anayelijua hili hulitazama neno la mwisho la kila kitufe akajiuliza, "Je, hili likipotea, kilichobaki kitamdanganya mtu?" Kikiwa kitamdanganya, sentensi haijakamilika, hata ikiwa na fasaha ya namna gani.

Nikaketi kuitafutia dawa. "Futa ulizochagua" ilinivutia, nikahesabu, nikapata herufi 16. Imezidi kwa moja, na hiyo moja ingetosha kuuleta mkasi tena. "Futa chaguo" ilitosha kwa nafasi, ila "chaguo" katika programu ile ile lilikuwa limekwisha kuajiriwa kwa mambo ya mipangilio, na mtu angedhani anafuta mpangilio. Mwisho nikaona kwamba picha zenyewe ziko pale pale kiooni, kila iliyochaguliwa ina alama ya tiki, na kwamba mtu anayeonyesha kwa kidole hahitaji kirejeshi: "Futa hizi". Herufi 9. Nikajipongeza, nikanywa kahawa.

Pongezi ilikuwa ya haraka. Sentensi ile moja, nilikuja kufahamu baada ya kuwasha programu na kuzunguka ndani yake, ilikuwa ikitumika mahali pawili: kwenye picha, na kwenye orodha ya majina ya watu. Majina hayawi "hizi", huwa "haya". Na mtu akichagua picha moja tu, "hizi" inakuwa uongo, inatakiwa "hii". "Zilizochaguliwa" nayo, pamoja na kukatwa kwake, ilikuwa ikiwaambia watu wafute picha walipokuwa wakitazama majina, na hakuna aliyelalamika. Nikamwandikia mwanaprogramu, kijana mstahimilivu, nikimwomba azitenganishe. Akanijibu, "Mzee, kwa Kiingereza ni neno lile lile." Nikamwambia kwamba ndiyo sababu ninamwandikia. Zana ya `gettext`, inayoyasoma mafaili haya, inajua kuhesabu lakini haijui ngeli: Kiswahili kimeandikishwa kwayo kwa kanuni ya `nplurals=2; plural=(n != 1);`, yaani umbo moja la kitu kimoja na umbo la pili la idadi nyingine yoyote, na hapo ndipo maarifa yake yanapokoma. Ngeli lazima mtu aitie mwenyewe, kwa kukipa kila kipande jina la mahali pake, `msgctxt`. Kijana akafanya hivyo, na kipande cha picha kikawa hivi:

```
msgctxt "gallery"
msgid "Delete selected"
msgid_plural "Delete selected"
msgstr[0] "Futa hii"
msgstr[1] "Futa hizi"
```

Kipande cha majina kikapata "Futa hili" na "Futa haya", na sentensi moja ya Kiingereza ikawa imezaa nne za Kiswahili, ambazo mtu akizisoma ndani ya faili atadhani zimeandikwa na mtoto wa darasa la kwanza.

Si kila mwanaprogramu atakubali kutenganisha, wala si kila mahali panatenganishika. Taarifa ya `%s deleted` haina dawa ya namna hiyo, kwa kuwa `%s` ni tundu litakalojazwa na jina lolote wakati programu inaendeshwa, na ukiandika "%s imefutwa" utaiona picha ikifutwa vizuri, na kitabu, ujumbe na jina vikifutwa kwa sarufi ya picha. Hapo msahihishaji hulikwepa pambano: hukitoa kitu katika kiti cha kiima akamkalisha mtu. "Umefuta: %s" haihitaji kujua ngeli ya kilichofutwa. Lakini akiandika hivyo sharti awe ameuliza nani aliyefuta, kwa sababu kama ni programu yenyewe iliyofuta baada ya muda kupita, sarufi itakuwa imetengenea na mtu asiye na hatia atakuwa ameshutumiwa. Pale huandika "Mfumo umefuta: %s". Swali lile lile la mahali linarudi, na jibu lake halimo ndani ya faili. Liko kiooni, na ni lazima mtu aende akalitazame, kwa herufi ndogo na kwa herufi kubwa, kwa kitu kimoja na kwa vingi, na ikiwezekana kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo chembamba, ambayo ndiyo iliyo mikononi mwa watu.

Kazi hii haitiwi sahihi. Vitabu huwataja wahariri wao, na hata Jambo OpenOffice, iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, inakumbukwa kwa jina lake. Lakini aliyeondoa "Futa kiungo" hakuna anayemjua, na anayebonyeza "Fuata kiungo" hana sababu ya kuuliza.

Basi wewe msomaji, ukikuta siku moja neno lililokatwa au lililokosewa katika simu yako, na ukaona huruma ya kuwaarifu waliolitengeneza, usiwaandikie neno lile peke yake, kwa kuwa wao watalifungua faili na kulikuta limesimama zima. Piga picha ya kioo chote, uwapelekee hiyo.