Ndoo Tano za Maziwa

Katika Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell ambayo Fortunatus Kawegere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1967, dhuluma haianzi na mbwa wala damu. Inaanza na maziwa. Bwana Jones, mwenye shamba, amekwisha kufukuzwa, viwele vya ng'ombe vimejaa hadi vinauma, na nguruwe wanawakamua. Zinapatikana ndoo tano zenye povu. Kuku wanakumbusha kwamba Jones alikuwa akiwachanganyia kidogo katika chakula chao. Napoleon, mmoja wa nguruwe hao, anajiweka mbele ya ndoo na kuwahimiza wawahi mavuno. Jioni wakirudi, maziwa hayapo.

Orwell alimweleza mhariri Dwight Macdonald wa Marekani kwamba hapo ndipo hadithi inapogeuka, akataja Kronstadt. Katika ngome hiyo ya kijeshi, mwaka 1921, mabaharia waliokuwa nguzo ya mapinduzi ya Urusi walidai uchaguzi huru wa mabaraza, na Jeshi Jekundu likawavunja kwa mizinga.

Hapa naona ustadi mkubwa. Orwell hakutafuta mnyama wa kumwakilisha kila baharia. Alichukua kiini cha tukio, yaani watawala kujitwalia kilichokuwa cha wote, akakigeuza kuwa jambo ambalo hata kuku angelielewa. Kisha anaongeza kwamba nguruwe wote walikubaliana kula maziwa na matufaha peke yao, Snowball akiwemo. Snowball ni Trotsky, na Trotsky ndiye aliyekuwa kamishna wa vita Kronstadt ilipovunjwa. Msomaji anayempenda Snowball kwa ushujaa wake ameonyeshwa mapema kwamba naye alikula.

Matabaka nayo yanajitokeza kupitia maumbile. Farasi Boxer, mfanyakazi, ana nguvu za kuvuta mawe lakini hawezi kusoma kupita herufi ya nne. Kuku wanapoamriwa kutoa mayai yauzwe, wanaruka juu ya boriti za paa na kutagia huko, mayai yakaanguka na kupasuka. Wakulima wa Urusi walifanya vivyo hivyo: walichinja mifugo yao badala ya kuikabidhi kwa mashamba ya ushirika. Napoleon anawanyima kuku chakula siku tano, tisa wanakufa. Ukiijua njaa iliyowakumba wakulima hao mwaka 1932 na 1933, idadi hiyo ndogo inatisha.

Mfano huu wa mapinduzi ya Urusi una mipaka. Lenin, kwa mfano, hana mnyama wake. Lakini pale ulinganisho ulipokuwapo, Orwell aliutendea haki hata kwa adui. Kinu cha upepo kinapolipuliwa, mswada wa kwanza ulisema wanyama wote, pamoja na Napoleon, walijitupa chini. Machi 1945 alimwomba mchapishaji abadilishe isomeke wote isipokuwa Napoleon, kwa kuwa Stalin, ambaye Napoleon anamwakilisha, alibaki Moscow Wajerumani walipokaribia. Kitabu kilitoka Agosti mwaka huo kikiwa na sahihisho hilo.