Kina Kisilazimishe Uongo: Ubeti Mmoja wa Butura

Mjadala wa vina na mizani umetufikia sisi wanafunzi ukiwa umechoka. Upande mmoja tunatajiwa Kaluta Amri Abedi na kitabu chake cha mwaka 1954 kilichoweka sheria za kutunga mashairi. Upande wa pili tunatajiwa Kezilahabi na Kichomi ya mwaka 1974. Kisha tunaulizwa, wewe uko wapi? Katika makala haya sitajibu swali hilo. Nitafungua ubeti wangu mwenyewe ulioharibika, nioneshe uliharibikia wapi. Nadai kwamba mara nyingi maana haiuawi na sheria. Inauawa na mtunzi aliyehesabu vibaya, au aliyeweka neno asilolimudu mahali pa kina.

Nyumbani kwetu ni Nyakakika, wilayani Karagwe. Msomaji wa Kagera hahitaji kuelezwa butura, lakini wengine nitawaeleza: ni kuuza kahawa ikingali mtini, pengine ikiwa maua tu, kwa bei ya chini, kwa sababu fedha inatakiwa leo na mavuno ni ya miezi ijayo. Nilitaka kutunga tarbia juu ya jambo hilo: mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Kabla ya kutunga niliandika maana kwa nathari. Mama aliuza kahawa ikiwa maua ili baba apate dawa. Mnunuzi akaja kuvuna, sisi tukabaki na miti. Basi.

Neno ambalo halina mbadala hapo ni butura. Ukisema "mkopo" au "rehani" umesema jambo jingine. Kwa hiyo nililiweka mwisho wa mshororo wa kwanza, nalo likaamua kina cha mwisho kiwe -ra. Kahawa na dawa vikanipa -wa ya kati. Mshororo wa kwanza ukatoka bila taabu:

Kahawa ikichanuwa, mama kauza butura,

Tayari nimetumia ruhusa mbili za washairi. "Kauza" ni inkisari ya "ameuza", na kila msomaji ataielewa. "Ikichanuwa" ni "ikichanua" iliyoongezwa w ili kina kitimie. Mizani haikubadilika, maana cha-nu-a na cha-nu-wa zote ni tatu, na w hiyo ulimi huitamka wenyewe ukitoka kwenye u kwenda kwenye a. Hapa sikumdhulumu mtu.

Balaa lilianza mshororo wa pili. Kipande cha kwanza, "Ili baba pate dawa", kilikaa sawa. Kwa kipande cha pili nilikuwa na "ilimbana dharura", yaani dharura ilimbana mama. Nikahesabu: i-li-mba-na, nne, dha-ru-ra, tatu. Saba! Nikakitupa. Badala yake nikaandika "kwani sisi ni fukara". Ni nane kamili na kina kipo, nikajipongeza.

Lakini ule ulikuwa uongo. Sisi hatukuwa fukara. Tulikuwa na migomba, maharage na kahawa yenyewe. Tulichokosa ni fedha ya mwezi ule. Butura haihitaji mkulima awe fukara, na ubaya wake uko hapo hapo: inamkamata mwenye mali kwa sababu ya wiki moja mbaya. Neno "fukara" lilihamisha lawama kutoka kwenye biashara likaiweka kwetu. Sikulichagua kwa kuwa ni kweli. Lilikuwa linaishia na -ra tu.

Kumbe hata hesabu yenyewe ilikuwa mbovu. Katika "ilimbana", m ni kiambishi cha mtendwa, mama, nayo ni silabi peke yake: i-li-m-ba-na, tano. Ukijumlisha na dharura unapata nane. Haifanani na mb ya "mbegu", ambayo ni sauti moja na silabi zake ni mbili tu, mbe-gu. Ukiwa na shaka, jiulize kama m hiyo inasimama badala ya mtu. Kama ndivyo, ipe mizani yake. Kichekesho ni kwamba Kinyambo kingeniokoa. Kwetu kiambishi hicho ni "mu" kamili, na ningelitamka neno lile kinyumbani, i-li-mu-ba-na, ningepata tano bila kufikiri.

Lakini lugha hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza mshororo wa tatu. Niliandika "mnunuzi kaja kula" nikaona kina kimetimia. Mwenzangu wa bwenini, mtu wa Tanga, akasoma akasema, "Kaka, hapa kina kimevunjika." Nikabisha, maana Kinyambo hakitofautishi l na r, na sikio langu lilikuwa linasikia kitu kimoja. Katika ushairi wa Kiswahili kina cha namna hii ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti yake pamoja na irabu. -La si -ra. Nikataka kurekebisha haraka, nikaandika "mnunuzi kaja kura". Mwenzangu akauliza kama shambani kwetu kulikuwa na uchaguzi!

Kipande cha kwanza cha mshororo huo nacho kilikuwa "Punje zilipokomawa". Nilidhani kama nimeruhusiwa "chanuwa", "komawa" nayo itapita. Haipiti. Baina ya a na a hakuna w inayozaliwa. Nimeichomeka kwa nguvu, na msomaji anabaki akitafuta kitenzi asichokijua. Kwa kipimo changu, badiliko linafaa ikiwa mtu anayelisikia mara moja tu, bila kuliona karatasini, atalijua neno.

Tiba haikuwa kulipinda neno "kula". Nililitoa mahali pa kina nikalitia katikati ya kipande, ambako -la haimsumbui mtu: "nasi tukala hasara", mizani nane. Maana ya nathari yangu ikarudi, tena kwa usemi ambao watu wanautumia. Ubeti mzima sasa ni huu:

Kahawa ikichanuwa, mama kauza butura,
Ili baba pate dawa, ilimbana dharura,
Tajiri akachukuwa, nasi tukala hasara,
Kivuli tumeachiwa, matunda yote butura.

Nimeurudisha tena kwenye nathari, mshororo kwa mshororo, nikaulinganisha na ile ya mwanzo. Hakuna aliyeongezwa sifa asiyokuwa nayo. Kilichopungua ni kuiva kwa kahawa, ambako msomaji atakuelewa mwenyewe akifika kwenye "matunda".

Mwalimu mkali atasema nimerudia "butura" kama kina mara mbili, na kwamba huo ni umaskini wa msamiati. Nakubali ni kasoro. Nilijaribu "ishara" na "bora", na kila moja ilinidai niseme jambo ambalo halikutokea. Hapo ndipo ninapoiona mipaka ya umbo: kuna maneno ambayo -ra haina, na mtunzi huchagua kati ya kurudia, kubadili kina cha ubeti mzima, au kudanganya. Mimi nimerudia.

Basi nawaomba wenzangu wanaosema vina na mizani ni minyororo watuletee beti zao zilizokwama tuzihesabu pamoja, silabi kwa silabi. Huenda tukakuta mnyororo kweli. Yangu niliikuta m moja tu niliyosahau kuihesabu, na mama yangu karibu aitwe fukara kwa ajili yake.