Namba 916 na Glasi ya Maji

Mkufu wa gramu 17.50 uko juu ya kioo cha duka, na kwenye kishikizo chake pamegongwa 916. Muuzaji anasema ni karati 22. Namba hiyo na maneno yake vinakubaliana, kwa sababu vyote vinasema jambo moja kwa vipimo viwili. Karati hugawa uzito wa kito katika sehemu 24, na dhahabu safi ni sehemu zote 24. Namba ya tarakimu tatu huugawa uzito huohuo katika sehemu 1,000. Sehemu 22 kati ya 24 ni sawa na 916 na ushei kati ya 1,000. Kwa hesabu hiyohiyo karati 21, ambayo imezoeleka sana katika masoko ya Ghuba, hugongwa 875, na karati 18 hugongwa 750. Kinachobaki ni fedha, shaba na wakati mwingine zinki, ambazo sonara huziyeyusha pamoja na dhahabu ili kito kiwe kigumu, maana dhahabu tupu ni laini na hupinda upesi.

Ikiwa 916 ni kweli, mkufu huu una gramu 16.04 za dhahabu safi. Ikiwa ni karati 18 iliyogongwa muhuri wa uongo, una gramu 13.13 tu. Mnunuzi amelipia karibu gramu tatu ambazo hazimo, na jicho halitamwambia kitu, kwa kuwa mkufu wa karati 18 ukipakwa utando mwembamba wa karati 22 hung'aa kwa rangi ileile.

Kwa hiyo kabla ya kuiamini namba, uliza ni nani aliyeigonga. Patasi ya kugongea 916 ni kipande cha chuma kinachouzwa pamoja na zana nyingine za usonara, na yeyote mwenye nyundo anaweza kuitumia. Namba iliyosimama peke yake ni tamko la fundi au la muuzaji. Inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini hakuna mtu wa tatu aliyeithibitisha.

Muhuri wa ukaguzi ni kitu kingine. Uingereza, kito hupelekwa kwenye ofisi ya upimaji isiyo ya muuzaji, kikapimwa, ndipo kikagongwa alama tatu: ya aliyekipeleka, ya kiwango cha usafi, na ya ofisi yenyewe. Kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham. India, nchi ambayo vito vyake vingi hufika pwani yetu, alama ya shirika la viwango la BIS ni pembetatu, ikifuatwa na maandishi kama 22K916, kisha msimbo wa herufi na tarakimu sita unaoitwa HUID. Msimbo huo ulianza mwaka 2021, na kila kito hupewa wake. Ukiuandika kwenye programu ya simu ya BIS Care, unapata maelezo ya kito yaliyosajiliwa: ni cha aina gani, kina usafi gani na kilipimwa wapi. Kama simu inasema pete nawe umeshika mkufu, rudisha mkufu kwenye kioo.

Angalia pia mahali muhuri ulipo. Kwenye pete huwa ndani ya duara, na hapo unazungumzia pete nzima. Kwenye mkufu mara nyingi huwa kwenye kishikizo, na kishikizo ni kipande kinachobadilishwa kila kinapokatika. Nimeona watu wakikagua kishikizo kwa lenzi na kuuacha mkufu wenyewe bila kuugusa. Herufi zinazofuata namba nazo zisomwe: GP ni kito kilichopakwa dhahabu juu tu, na 1/20 14K GF maana yake ni kwamba dhahabu ya karati 14 ni sehemu moja ya ishirini ya uzito, iliyobanwa juu ya madini mengine.

Sasa tuupime mkufu wetu. Dhahabu ni nzito kuliko karibu kila kinachochanganywa nayo. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, ya fedha 10.5, ya shaba karibu 9. Kadiri karati inavyoshuka, ndivyo gramu zilezile zinavyochukua nafasi kubwa zaidi, na nafasi hiyo hupimwa kwa maji.

Unahitaji mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu. Pima mkufu ukiwa mkavu, uandike 17.50. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga mkufu kwa uzi mwembamba, uuning'inize ndani ya maji mpaka uzame wote, bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi. Tone la sabuni ya maji, likitiwa kabla, husaidia viputo vya hewa visinase kwenye pete za mkufu. Mizani itapanda kidogo, na namba inayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa, ambao ni sawa na ujazo wa mkufu kwa sentimita za ujazo.

Tuseme imesoma 0.99. Gawanya 17.50 kwa 0.99, upate 17.7. Karati 22 huangukia kati ya 17.6 na 18.0, kutegemea fedha na shaba zilivyogawana nafasi, basi mkufu unalingana na muhuri wake. Ingesoma 1.15, jibu lingekuwa 15.2, na hiyo ni karati 18. Shaba nyeupe iliyopakwa dhahabu ingepita 2.

Ila karati 21 ingesoma kuanzia 1.00 hadi 1.04. Kati ya 0.99 na 1.00 mizani ya kawaida haina la kusema, kwa hiyo maji hukamata uongo mkubwa na kuuacha mdogo upite. Pete ya gramu 2 ni ngumu zaidi: karati 22 husukuma 0.11 na karati 18 husukuma 0.13, tofauti ambayo mkono ukitetemeka tu inapotea. Mkufu wenye uwazi ndani hubakiza hewa na kuonekana mwepesi hata kama dhahabu yake ni njema, na pete yenye jiwe haipimiki hivi kabisa.

Hapo ndipo mashine ya eksirei inapohitajika, ile ambayo wanunuzi wakubwa wa dhahabu huwa nayo. Kwa muda mfupi hutaja asilimia ya dhahabu, fedha na shaba, na hutofautisha 875 na 916 bila shida. Lakini husoma ngozi ya kito tu, kina cha sehemu ndogo ya milimita, kwa hiyo utando mnene wa dhahabu unaweza kuidanganya. Maji hupima mwili mzima. Kito kinachofaulu vipimo vyote viwili ni vigumu sana kukitilia shaka, na kwa mkufu wa uzito huu ningetaka vyote.

Ukiridhika, risiti iandikwe karati 22, uzito wa dhahabu peke yake bila mawe, na gharama ya ufundi kwenye mstari wake. Siku utakapouza, atakayenunua atalipia dhahabu iliyomo. Ufundi na mawe madogo kwa kawaida havihesabiwi, na risiti iliyoandikwa "mkufu wa dhahabu" haitakusaidia kubishana naye.